Mtoto wa Kilo Sita

Simu ilikuwa ndani ya kikombe cha bati, kikombe kiko juu ya dirisha, na mama yake Sadiya amekaa kando yake kama anayelinda maziwa yasichemke. Hapo dirishani tu ndipo netiwaki ya Uganda inashika vizuri. Ukiisogeza simu hatua mbili kuingia ndani, inakimbilia minara ya Kongo, na ikishafika Kongo intaneti inakufa. Watu wa Koboko, mji wa mpakani, wamezoea. Simu zao huvuka mpaka mara nyingi zaidi kwa siku kuliko wao wenyewe.

Sadiya alikuwa mezani, na laptopu ya kuazima mbele yake. Ni ya Madamu Filda, mwalimu wa shule ya msingi, jirani wa upande wa pili wa ua. Filda aliileta mwenyewe, akaiweka mwenyewe, akapangusa meza kwa kitambaa alichokuja nacho kutoka kwake, kama vile meza ya watu haijawahi kuona kitambaa.

"Chai isikae hapa," alisema. "Mandazi pia. Mafuta inaingia kwa batani."

"Asante, Madamu."

"Na usifunge kwa nguvu. Wewe uko na mikono nzito kama ya baba yako."

Baba yake, Mzee Hamdani, alikuwa barazani kwenye cherehani na aliyasikia yote. Siku hiyo alikuwa amekubali kunyamaza kwa mambo mengi. Tangu saa saba na nusu alikuwa amesimamisha cherehani ili kelele zisimsumbue binti, na kila mteja aliyekuja alipewa jibu moja: "Rudi saa tisa. Ndani iko mtihani." Alilisema kwa sauti ya chini na kwa heshima, kama anayesema ndani iko maiti.

Chuo cha uuguzi anachosoma Sadiya kiko Arua. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wametawanywa vituo vya afya, kila mmoja karibu na kwao, kwa mazoezi ya mwezi mzima, kwa hiyo mtihani wa hesabu ya dawa ukawekwa mtandaoni. Kompyuta ya chuo haiwezi kubeba watu themanini kwa mara moja, ndiyo maana darasa likakatwa mara mbili: kundi la asubuhi saa nne, kundi la mchana saa nane. Sadiya alikuwa wa mchana. Maswali thelathini, dakika arobaini na tano. Swali moja kwa kila ukurasa, na ukishapita huwezi kurudi nyuma. Mara ya kwanza somo hili alipata thelathini na nane kwa mia. Akishindwa tena anarudia mwaka, na wafadhili wanaomlipia masomo walishasema wazi kwamba wao hawalipii mwaka mmoja mara mbili.

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili, simu ikawaka.

"Sadiya, hii kitu iko nawaka," alisema mama yake, Kaltumu.

"Wacha tu, mama. Pengine ni bando."

"Hapana bando. Ni yule rafiki yako Jovia. Na picha."

Sadiya aliinuka kuangalia. Hakugusa kitu. Meseji ilikuwa imejiweka yenyewe juu ya kioo, maana kioo cha simu hakimuulizi mtu kama yuko tayari kusoma. *Sadi, watu wa asubuhi wametoka. Hii ndio majibu yote 30. Soma halafu futa.* Chini yake picha ndogo ya karatasi ya daftari, mistari ya kalamu ya buluu, moja C, mbili A, tatu D. Alikuwa bado anaiangalia wakati picha ileile ilipoingia tena kutoka kwa kundi la darasa, kisha mara ya tatu kutoka kwa mtu asiyemjua, na juu yake imeandikwa kwamba imetumwa mara nyingi.

"Ya Allah," Sadiya alisema.

"Ni nini?" aliuliza baba kutoka barazani.

"Majibu ya mtihani."

"Ya mwaka jana?"

"Ya leo, baba. Ya sasa hivi."

Mzee Hamdani aliingia ndani, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Aliangalia simu, akaangalia mke wake, akaangalia laptopu ya Filda kama vile yenyewe ndiyo imeleta balaa.

"Nani ametoa?"

"Sijui. Mtu wa asubuhi."

"Basi funga."

"Afunge kwa nini?" Kaltumu alisema. "Mutu amemletea."

"Kaltumu, hii ni wizi."

"Wizi ni kwenda kuchukua. Yeye amekaa kwa meza yake, kitu imekuja yenyewe mpaka kwa dirisha. Darasa yote wako nayo. Yeye peke yake ndio awe mjinga? Wote wapite, yeye arudie mwaka, halafu Filda aje hapa na kitambaa yake atupanguse machozi?"

"Mama," Sadiya alisema, "nikiifungua, Jovia ataona alama ya buluu kwamba nimesoma. Kwa kundi pia. Mtu akiangalia ataona jina langu."

"Kwa hiyo unaogopa kuonekana, au unaogopa wizi?" baba aliuliza.

Sadiya alinyoosha mkono, akaweka simu hali ya kimya kisha akaigeuza kikombeni, kioo kikaangalia nje. Kuizima hakuweza. Intaneti ya laptopu ilikuwa inatoka kwenye simu hiyohiyo. Akiizima, hakuna mtihani.

"Msiiguse," alisema. "Tafadhali. Kaeni tu nayo isiende Kongo."

Saa nane kamili alibonyeza *Anza*.

---

Swali la kwanza halikuwa la kwanza. Hilo aliliona mara moja. Kwenye picha macho yake yalikuwa yameshanasa "moja C", alitaka asitake, na hapa swali la kwanza lilikuwa la kujaza namba, hata C halina. La pili lilikuwa na A, B, C na D, lakini alilijua mwenyewe. Kompyuta ya chuo ilikuwa imechanganya maswali, kila mtu na mpangilio wake, na hata majibu ndani ya swali yalikuwa yamechanganywa. Aliwaza kwamba kuna mtu Arua, dakika hii, anabonyeza C, A, D, bila kusoma, kama mtu anayefungua mlango wa jirani kwa ufunguo wa nyumba yake. Alitaka kucheka. Pembeni ya kioo saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma: arobaini na moja na sekunde kumi.

Alipofika swali la tisa netiwaki ilikatika.

"Mama! Imeenda?"

"Imeenda Kongo! Ngoja!" Kaltumu aliinua kikombe juu kama anayetoa sadaka, akakipeleka kushoto, kulia. "Rudi wewe, rudi nyumbani!"

Saa ya mtihani haikungoja. Saa hiyo haiko kwenye laptopu, iko Arua, na kule inaendelea hata kama Koboko yote imezama. Dakika nne zilikwenda hivyohivyo. Ukurasa uliporudi zilikuwa zimebaki ishirini na saba.

Sadiya hakuona mama yake alichokuwa anafanya tangu hapo. Simu ile ni ya nyumba nzima, haina namba ya siri. Kuitafuta netiwaki Kaltumu alikuwa ameigeuza, na akishaigeuza aliiona picha, na akishaiona aliifungua. Kiingereza hakijui. Shule aliacha darasa la tatu. Lakini huyu ni mwanamke anayesuka *tabaga*, zile kawa za rangi ambazo Wanubi hufunikia chakula, na ukimwonyesha nakshi ya mtu mwingine mara moja, kesho ataisuka sawasawa, hata kosa la mwenyewe atalisuka palepale lilipokuwa. Alichukua kipande cha karatasi ya kukatia nguo na chaki nyembamba ya mume wake, akanakili. Hakuandika maneno. Alichora. Kila herufi kwa umbo lake, kila namba kwa nafasi yake. Zile herufi za A na B aliziacha, alizihisi hazina uzito. Alinakili mistari kumi ya mwisho, iliyokuwa na jina la dawa na namba.

Kisha alikuja polepole kwa miguu mitupu, akaiweka karatasi kando ya laptopu, akarudi dirishani bila kusema neno. Mzee Hamdani alikuwa barazani akimfukuza mteja. Hakuona.

Sadiya aliona. Kwenye kioo kulikuwa na paracetamol. Mtoto wa kilo kumi na sita, miligramu kumi na tano kwa kila kilo. Dawa ya maji ina miligramu mia moja ishirini ndani ya mililita tano. Utampa mililita ngapi? Alikuwa ameshapiga: kumi na sita mara kumi na tano, mia mbili arobaini. Ni mara mbili ya mia moja ishirini, kwa hiyo mara mbili ya mililita tano. Kumi. Alikuwa ameandika kumi.

Karatasi ilisema: PARACETAMOL 7.5.

Alipiga tena. Kumi. Akapiga tena, midomo inatembea. Kumi. Lakini mtu wa asubuhi ameandika saba na nusu, na mtu wa asubuhi amepita, na yeye ni wa thelathini na nane kwa mia. Nani mjinga hapa? Vidole vyake vilifuta ile kumi. Viliandika saba na nusu. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tisa.

Kisha akaisoma tena ile "kilo kumi na sita", polepole, na akaelewa. Aligawanya kinyumenyume. Saba na nusu ni dawa ya mtoto wa kilo kumi na mbili. Swali ni lilelile, mtoto ndiye mwingine. Kompyuta inampa kila mwanafunzi mtoto wake. Alirudisha kumi, akapita, na kwa mara ya kwanza mchana huo alipumua mpaka chini.

Dripu, mililita mia tano kwa saa nne, matone ishirini kwa kila mililita; matone mangapi kwa dakika? Karatasi ilisema 28. Yeye alipata arobaini na mbili, akaandika arobaini na mbili bila hata kuhema. Sasa alikuwa anaidharau karatasi. Angeweza kuikunja na kuitupa. Hakuikunja.

Swali la ishirini na nane lilikuwa la sindano ya gentamicin. Mtoto wa kilo sita, miligramu saba na nusu kwa kilo, chupa ya miligramu themanini ndani ya mililita mbili. Zilikuwa zimebaki dakika mbili na sekunde arobaini, na maswali matatu. Alianza: sita mara saba na nusu. Arobaini na... Kichwa kilifunga. Barazani mteja alikuwa anagombana, "Mzee, suruali ni yangu, mtihani ni ya nani?" Arobaini na ngapi? Alijua njia, alikuwa ameipita mara mia, na sasa njia ilikuwa nyeupe tupu.

Jicho lilikwenda lenyewe. GENTAMICIN 1.5.

Aliandika moja na nusu, akapita. Swali lilimchukua sekunde ishirini tu.

La ishirini na tisa na la thelathini aliyafanya mwenyewe. Kioo kikaandika *Umemaliza*. Nje cherehani ilianza kulia kwa furaha.

"Imesaidia?" Kaltumu aliuliza kwa kunong'ona.

"Kidogo," Sadiya alisema, akaikunja ile karatasi ndogo sana.

---

Kesho yake matokeo yalitoka: kumi na saba kwa thelathini. Kupita ni kumi na tano. Mzee Hamdani alinunua soda. Filda alikuja kuchukua laptopu yake, akainusa, akasema hongera.

Ijumaa ikaja meseji ya chuo kwamba kundi lote la mchana lifike Arua Jumatatu saa tatu asubuhi, bila simu.

"Twende wote," alisema Kaltumu.

"Mama, hakuna mzazi anayekwenda."

"Basi nitakuwa wa kwanza. Nina kawa tatu za kupeleka sokoni Arua. Wewe utaingia, mimi nitangoja nje. Au kukaa nje pia iko na mtihani?"

Kwa hiyo Jumatatu Sadiya aliingia darasani, na mama yake alikaa kwenye kibaraza cha zege chini ya dirisha, kawa zake magotini. Dirisha lilikuwa wazi. Kila neno lilitoka.

Mwalimu Adrabo, wa hesabu ya dawa, ni mtu mwembamba, anasema polepole kama anayehesabu matone. Aliweka karatasi mezani. Wanafunzi arobaini waliikodolea macho.

"Mnajua kwa nini mko hapa," alisema. "Nitawaambia jinsi nilivyojua, ili msidhani kuna mutu amewauza. Kila mmoja wenu alipewa namba zake. Mtoto wa Anguyo ana kilo kumi na nne, mtoto wa Jovia ana kilo tisa. Kwa hiyo majibu hayawezi kufanana. Sasa mimi naona watu wanakosa. Kukosa si dhambi, mnakosa kila siku, nimezoea. Lakini naona wanakosa kitu kimoja. Jovia amempa mtoto wake mililita saba na nusu. Si sahihi kwa mtoto wake. Ni sahihi kwa mtoto wa kilo kumi na mbili, na mtoto wa kilo kumi na mbili alikuwa wa mwanafunzi mmoja tu wa asubuhi. Huyo nimeshaongea naye. Alilia sana."

Mtu alikohoa.

"Na kompyuta inaandika muda. Swali linalotaka dakika mbili, mtu amelijibu kwa sekunde nane. Hiyo si akili. Hiyo ni kunakili." Alitazama darasa. "Kwa hiyo, kabla sijasoma majina. Aliyetumia ile karatasi asimame sasa. Nitafuta mtihani wake, atarudia hapa leo, kwa kalamu. Nikishalisoma jina, ni sifuri na kamati ya nidhamu."

Hakusimama mtu. Sadiya aliangalia mikono yake. *Swali moja*, alijiambia. *Mengine tisa ya namba nimeyafanya mwenyewe. Moja.* Akifutiwa mtihani, hizo kumi na saba zinakwenda, na nani anajua leo atapata ngapi? Pengine thelathini na nane kwa mia, kama zamani. Alibaki amekaa.

Adrabo alisoma. Majina kumi na tisa, kila jina na idadi yake. Anguyo, saba. Loro, tisa. Jovia, kumi. Jovia aliinamisha kichwa mezani. Sadiya alingoja jina lake kama mtu anayengoja kofi, na kofi halikuja.

"Nimesoma wale wenye matatu au zaidi," alisema Adrabo. "Mtu akifanana mara moja au mbili siwezi kuapa. Pengine amekosa tu na bahati mbaya imemfananisha. Lakini iko moja imenikosesha usingizi, na sitasema ni ya nani, maana sina hakika." Aligeuka ubaoni, akaandika. "Sindano ya gentamicin. Mtoto wa kilo sita. Huyu mwanafunzi amempa mililita moja na nusu. Alipaswa kupewa moja nukta moja. Hiyo moja na nusu ni ya mtoto wa kilo nane. Sasa ninyi ni wauguzi wa kesho. Gentamicin ikizidi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, inakula nini?"

"Figo," alisema mtu wa mbele.

"Na masikio. Mtoto anapona homa, anatoka hospitali, mama anafurahi. Miezi baadaye anamwita na mtoto hageuki."

Dirishani palitokea kichwa kilichofungwa kitambaa cha njano.

"Mwalimu, samahani," alisema Kaltumu.

Darasa zima liligeuka.

"Samahani sana. Huyo mtoto ya kilo sita. Sasa iko wapi? Iko hai?"

Kicheko kilipasuka, kile cha watu waliokuwa wanaogopa na sasa wamepata njia ya kutokea. Hata Loro na ile tisa yake alicheka. Mtu wa nyuma alisema, "Mama, iko kwa kompyuta!" na kicheko kikaanza upya.

Adrabo hakucheka. "Hakuna mtoto, mama. Ni hesabu tu. Mfano."

"Kweli hakuna?"

"Kweli."

"Na masikio yake?"

"Hakuna masikio, mama. Wewe ni mzazi wa nani?"

Kaltumu alifungua mdomo. Macho yake yalipita juu ya vichwa vyote arobaini, yalifika kwa Sadiya, na hayakusimama. Yaliendelea mpaka ukutani.

"Mimi? Mimi ya mtu hapana. Mimi nauza kawa. Nilikuwa napita tu." Akainua kawa moja dirishani kama ushahidi. "Elfu ishirini. Nzuri ya kufunika wali."

Sasa walicheka mpaka wakapiga meza. Msichana wa mbele, binti wa mtu wa ofisi kule Arua Hill, alimgeukia mwenzake: "Sikia lugha. Hawa watu wa Koboko wanatoka wapi?" Kaltumu alibaki pale dirishani na kawa yake juu, anatabasamu, anawaacha wacheke.

Sadiya alisimama. Hakujua kama anasimama mpaka kiti kilipolia nyuma yake.

"Ni mama yangu," alisema.

Kicheko kilikatika vipandevipande.

"Kaa chini, Sadiya," mama alisema haraka. "Mimi sikujui wewe."

"Ni mama yangu, Mwalimu. Na huyo mtoto wa kilo sita ni wangu."

Adrabo alishusha chaki.

"Jina lako sikulisoma," alisema.

"Najua."

"Ulikuwa umepita."

"Najua, Mwalimu. Gentamicin niliitoa kwa karatasi. Zingine ni zangu. Paracetamol pia nilitaka, niliandika, nikafuta."

"Sekunde ishirini," Adrabo alisema, kama anayejisemea. Kisha kwa sauti: "Karatasi ilitoka kwa nani?"

"Mimi ndio niliandika!" Kaltumu alikuwa ameshaingia nusu dirishani. "Yeye alikataa. Alisema msiguse. Mimi nikagusa, nikachora kwa chaki. Kama ni kamati, niite mimi kwa kamati."

"Na wewe ulitoa wapi, mama?"

Jovia aliinua uso kutoka mezani. Kaltumu alimwona. Aliwaona wote.

"Kwa simu, Mwalimu," alisema.

Adrabo alivuta karatasi ya maswali na kalamu, akaziweka kwenye dawati la mbele, mbali na wengine.

"Sheria ni sheria. Kumi na saba yako imekufa. Lakini jina lako sikulisoma, kwa hiyo mlango haujafungwa. Dakika arobaini na tano. Mama, tafadhali toka kwa dirisha."

---

Alifanya kwa kalamu, mbele ya watu kumi na tisa waliokuwa wanangoja kuitwa mmojammoja ofisini. Jovia alipopita alinong'ona, "Umejifanya malaika," lakini Sadiya hakuwa malaika. Alikuwa tu mtu aliyechoka kuona mama yake akichekwa. Maswali mengine aliyajua, mengine aliyabahatisha. Lile la sindano alilifanya mara tatu.

Adrabo alisahihisha palepale, kalamu nyekundu inatembea polepole. Mwisho aliandika juu: 16.

"Umepita kwa swali moja," alisema. "Usiende kujisifu."

"Siendi, Mwalimu."

"Na yule mama." Alisita. "Ile kawa aliyoinua. Alisema elfu ishirini?"

Kaltumu alikuwa amekaa mbali kidogo na dirisha, amegeuka mgongo, anatii. Zile kawa zilikuwa bado tatu. Sadiya alikaa kando yake kwenye zege. Boda zilikuwa zinapanda mlima na watu wa ofisi mgongoni.

"Kumi na sita," Sadiya alisema.

"Inatosha?"

"Inatosha."

"Alhamdulillahi." Kaltumu alikusanya kawa zake, akaziweka moja juu ya nyingine, akazitoa tena, akazipanga upya. "Na hiyo sindano ilikuwako tena?"

"Ilikuwako. Mtoto wa kilo tisa."

"Wa kompyuta?"

"Wa karatasi."

"Ulimpa ngapi?"

"Moja nukta saba."

Mama alifikiri. Hakujua kama ni nyingi au kidogo. Hakuwa na njia ya kujua.

"Ulihesabu mara ngapi?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Haya," alisema Kaltumu, akainuka. "Basi atasikia."